Force Index inasema wanunuzi, CMF inasema wauzaji: siku moja, hisa moja

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi niko Arua, nina hisa kidogo za kampuni ya simu kwenye soko la Kampala, na namba zake naziweka mwenyewe kwenye jedwali kila jioni. Wiki iliyopita siku moja Force Index ilipanda sana, lakini CMF ya siku hiyohiyo ikashuka. Zote zinatumia bei na kiasi cha hisa zilizouzwa, sasa zinapinganaje? Na je, siwezi kuziunganisha zikawa kiashiria kimoja?

Jibu: Ndugu yangu, kila moja inajibu swali lake. Force Index inapima safari ya bei kutoka ilipofunga jana hadi ilipofunga leo, kisha inaizidisha kwa hisa zilizouzwa leo. CMF, yaani Chaikin Money Flow, haina habari na jana. Inatazama bei ya juu na ya chini za leo peke yake, na kuuliza soko limefungia wapi kati ya hizo mbili. Limefungia karibu na juu, basi hisa za siku hiyo zinahesabiwa kuwa za wanunuzi. Limefungia karibu na chini, zinahesabiwa kuwa za wauzaji.

Tofauti hiyo ina historia. Alexander Elder, aliyeieleza Force Index katika kitabu chake cha 1993, alitaka kipimo kinachoshika mwelekeo, ukubwa wa mwendo na wingi wa hisa kwa pamoja. Kwa hiyo kazi yake ilianzia kwenye badiliko la bei ya kufunga. Marc Chaikin alianzia kwingine. Kabla yake Larry Williams alikuwa akilinganisha bei ya kufunga na bei ya kufungua, lakini magazeti ya Marekani yakaacha kuchapisha bei za kufungua. Chaikin akalinganisha bei ya kufunga na katikati ya bei ya juu na ya chini za siku ileile. Yeye alitatua shida ya gazeti, na bei ya jana haikuingia kwenye hesabu yake.

Kwa hiyo mara nyingi ukiona zimeachana namna hiyo, bei iliruka asubuhi. Chukua wiki hii niliyoitunga kwa ajili ya mfano, bei ni za shilingi, na Ijumaa iliyotangulia soko lilifunga 160.

| Siku | Juu | Chini | Kufunga | Hisa |
|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | 164 | 160 | 163 | 40,000 |
| Jumanne | 172 | 167 | 168 | 90,000 |
| Jumatano | 168 | 168 | 168 | 20,000 |
| Alhamisi | 166 | 166 | 166 | 600,000 |
| Ijumaa | 169 | 165 | 168 | 50,000 |

Tazama Jumanne. Bei imetoka 163 hadi 168, yaani shilingi 5 mara hisa 90,000, na Force Index inapata 450,000 upande wa juu. Sasa fanya hesabu ya Chaikin kwa siku hiyohiyo. Kutoka chini hadi kufunga ni shilingi 1, na kutoka kufunga hadi juu ni shilingi 4. Toa 4 kwenye 1, unabaki na hasi 3. Gawa kwa upana wa siku ambao ni 5, unapata hasi 0.6. Zidisha kwa hisa 90,000, na CMF inaandika hasi 54,000. Hilo ndilo jambo uliloliona Arua, na hesabu zote mbili ni sahihi. Walioamka asubuhi walikubali kununua ghali kuliko jana, lakini bei ilipofika 172 wenye hisa wakaanza kuuza na kuirudisha 168.

Siku hiyo moja ikisomwa kwa Force Index peke yake, inaonekana ni ushindi mtupu. Ikisomwa kwa CMF peke yake, inaonekana ni kipigo, na hapo ndipo ninapoona CMF inapotosha zaidi, kwa sababu kila aliyekuwa na hisa Jumatatu jioni amelala Jumanne akiwa na shilingi 5 zaidi kwa kila hisa. Shilingi 4 kati ya hizo, kutoka 163 hadi 167, zilipatikana mahali ambapo CMF haikutazama.

Kuziunganisha inawezekana. Wengi hujaribu kuzijumlisha tu, na hiyo haifai, maana hazina kipimo kimoja. Force Index ni shilingi mara hisa, haina dari wala sakafu, na 450,000 ya hisa ya shilingi 168 huwezi kuilinganisha na 450,000 ya hisa ya shilingi 1,000. CMF yenyewe hujumlisha zile namba za kila siku, kama hasi 54,000, kisha inazigawa kwa jumla ya hisa za siku hizo, kwa hiyo haitoki nje ya hasi 1 na chanya 1. Ukizijumlisha, Force Index itaimeza CMF yote.

Njia inayofanya kazi ni kubaki na hesabu ya Chaikin, lakini kuiingiza bei ya jana ndani yake. Colin Twiggs wa Australia ndiye aliyeitengeneza hivyo. Badala ya bei ya juu ya leo, chukua iliyo kubwa kati ya bei ya juu ya leo na bei ya kufunga ya jana. Badala ya bei ya chini ya leo, chukua iliyo ndogo kati ya bei ya chini ya leo na kufunga kwa jana. Twiggs alibadili pia namna ya kulainisha, lakini sisi hapa mengine yote hatuyabadili. Kwa njia hiyo mruko wa asubuhi unakuwa sehemu ya upana wa siku.

Rudi Jumanne. Juu inabaki 172, lakini chini sasa ni 163, kwa sababu jana soko lilifunga hapo. Kutoka 163 hadi 168 ni 5, kutoka 168 hadi 172 ni 4, tofauti ni chanya 1, na upana ni 9. Moja gawa kwa 9 mara 90,000 ni chanya 10,000. Kipimo kimoja sasa kinasema jambo moja linaloeleweka: wanunuzi walishinda, lakini kwa shida. Jumatatu na Ijumaa hazikubadilika, kwa sababu kufunga kwa siku iliyotangulia kulikuwa ndani ya upana wa siku. Zinabaki chanya 20,000 na chanya 25,000 kwa hesabu zote mbili.

Kwenye jedwali lako, tuseme safu B ni bei ya juu, C ya chini, D ya kufunga na E ni hisa zilizouzwa. Ile hasi 54,000 au chanya 10,000 ya kila siku iweke safu F. Mstari wa 2 ni siku ya kwanza, kwa hiyo hesabu inaanzia mstari wa 3:

```
=IF(MAX(B3,D2)=MIN(C3,D2),0,((D3-MIN(C3,D2))-(MAX(B3,D2)-D3))/(MAX(B3,D2)-MIN(C3,D2))*E3)
```

Kisha kwenye safu G, ukishafika mstari wa 22, unapata kiashiria cha siku 20:

```
=SUM(F3:F22)/SUM(E3:E22)
```

Hicho kipande cha `IF` mwanzoni usikiondoe. Kwenye soko letu ndicho kitakachokuokoa, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu viashiria hivi vyote viwili vilizaliwa kwenye masoko ambamo hisa moja inauzwa maelfu ya mara kwa siku. Kampala kuna hisa zinazouzwa mara chache tu kwa siku, tena kwa bei moja, na nyingine zinapitisha siku nzima bila mtu kugusa.

Jumatano ya mfano wetu ni siku ya namna hiyo. Juu 168, chini 168. CMF ya kawaida inagawa sifuri kwa sifuri. Programu moja itakuandikia sifuri, nyingine itaacha pengo, na jedwali lisilo na kinga litakuonyesha `#DIV/0!` na kuharibu kiashiria cha mistari 20 kuanzia huo. Kwa hesabu ya Twiggs, Jumatano bado ni sifuri, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu bei haikwenda popote. Alhamisi ndiyo inayotofautisha. Nayo ilikuwa na bei moja tu, 166, lakini jana ilikuwa 168. CMF ya kawaida inaiandika sifuri ingawa bei imeshuka shilingi 2. Hesabu ya Twiggs inaona upana wa kuanzia 166 hadi 168, inaona soko limefunga chini kabisa, na inatoa hasi 1 kamili. Kwa hisa zisizouzwa sana faida hii naiona kubwa kuliko ile ya Jumanne, maana siku za bei moja zikiwa nyingi, CMF ya kawaida inakuwa kipofu wiki nzima huku bei ikishuka kidogokidogo.

Sasa zile hisa 600,000 za Alhamisi. Ukiona namba ya namna hiyo kwenye soko la Kampala, usidhani ni umati wa watu waliojitokeza kuuza. Mara nyingi ni mwekezaji mkubwa mmoja anayemwuzia mkubwa mwenzake. Bei yao wameshakubaliana, na madalali wanaipitisha sokoni kama biashara moja. Hiyo haikuambii chochote kuhusu hamu ya wengine, lakini viashiria vyote vitatu vinaibeba, kila kimoja kwa namna yake.

Force Index inaandika hasi 1,200,000. Elder hakutaka usome namba ghafi. Alishauri ulainishe kwa wastani unaozipa siku za karibuni uzito zaidi, wa siku 2 au wa siku 13. Kwenye wastani wa siku 13, siku moja inachangia sehemu moja ya saba. Kwa hiyo Alhamisi peke yake inauvuta mstari chini kwa kama 171,000, na siku tano za biashara baadaye bado kuna karibu 79,000 za mzigo huo. Mruko wote wa Jumanne, siku uliyoishangaa, unachangia kama 64,000 tu ulipokuwa mpya. Mstari wako utakaa chini ya sifuri kwa sababu ya watu wawili waliopeana hisa.

CMF ya kawaida inaumia kinyume chake. Bila Alhamisi, jumla ya wiki ni chanya 20,000, hasi 54,000 na chanya 25,000, yaani hasi 9,000 juu ya hisa 200,000, sawa na hasi 0.045. Ukiingiza Alhamisi, juu hakuongezeki kitu, lakini chini hisa zinakuwa 800,000, na kiashiria kinapungua hadi hasi 0.011. Mstari unalala karibu na sifuri na mtu anasema soko limetulia. Utalala hivyo mistari 20. Siku ya 21 ile Alhamisi inatoka nje ya dirisha, na mstari unaruka ghafla ingawa siku hiyo sokoni hakuna kilichotokea. Ukiona CMF imeruka bila sababu, rudi nyuma mistari 20 uangalie ni siku gani imeachwa. Mara nyingi utaikuta hapo.

Hesabu ya Twiggs haina kinga dhidi ya biashara kubwa, tena ndiyo inayoumia zaidi, nisikufiche. Bila Alhamisi wiki yetu ni chanya 55,000 juu ya 200,000, yaani chanya 0.275. Pamoja na Alhamisi ni hasi 545,000 juu ya 800,000, yaani hasi 0.68. Biashara moja imegeuza wiki nzima kichwa chini.

Dawa ya kwanza ni kumwuliza dalali wako. Anaweza kukuambia kama zile hisa zilipita kwa mpigo mmoja. Ukithibitisha, iondoe biashara hiyo kwenye safu ya hisa. Na bei yake pia iondoe, usije ukaacha 166 kama bei ya kufunga, maana Ijumaa Force Index itaandika chanya 100,000 kwa kupanda kutoka 166 hadi 168 ambako kwa wanunuzi wa kawaida hakukuwepo. Kama siku hiyo hakukuwa na biashara nyingine, futa mstari wote, unakili upya fomula za mistari inayofuata, na Ijumaa ilinganishwe na Jumatano.

Ukishindwa kuthibitisha, weka dari. Mimi hutumia mara tatu ya kiasi cha katikati cha siku 20 zilizotangulia. Kiasi cha katikati, siyo wastani, kwa sababu wastani wenyewe unavutwa na hizo siku kubwa. Ongeza safu H yenye kiasi kilichopunguzwa, kisha safu F na G zisome H badala ya E. Mistari ya 3 hadi 22 ya H inakili E ilivyo, na kuanzia mstari wa 23 weka hii:

```
=MIN(E23,3*MEDIAN(E3:E22))
```

Tuseme kiasi cha katikati ni 50,000. Alhamisi inahesabiwa 150,000, na wiki inatoka hasi 95,000 juu ya 350,000, sawa na hasi 0.27. Ni afadhali kuliko hasi 0.68, lakini bado inasema wauzaji, wakati bila biashara ile tulipata karibu namba hiyohiyo upande wa juu. Kwa hiyo dari inapunguza madhara tu, haileti ukweli. Kiashiria kikitegemea siku moja kiasi hicho, usikifanyie uamuzi wowote mpaka ujue siku hiyo ilikuwa na nini.

Siku ambazo hakuna hisa hata moja iliyouzwa, usiziandike kwenye jedwali. Ukiziandika kwa sifuri, dirisha lako la siku 20 linakuwa na biashara nane au tisa tu bila wewe kujua, na kiasi cha katikati kinashuka hovyo. Ukiziacha, mistari 20 ni siku 20 za biashara kweli. Kwa hisa iliyolala hiyo inaweza kuwa miezi miwili mitatu ya kalenda, nawe utaona kwenye tarehe kwamba unachosoma ni habari ya zamani.

Kuna siku moja ambayo kuunganisha kunaleta kosa ambalo CMF ya kawaida haina, nayo ni siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio. Kampuni za simu zilizoorodheshwa Kampala hulipa gawio zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo jambo hili litakukuta. Tuseme gawio ni shilingi 6, jana ilifunga 170, na leo imeuzwa kati ya 164 na 166, ikafunga 165. Hakuna aliyekimbia, bei imepungua kwa gawio tu. Lakini Force Index inaona hasi 5 mara hisa zote, na hesabu ya Twiggs inaona soko limefunga karibu na chini ya upana wa shilingi 6. Tarehe ya gawio hutangazwa mapema, hivyo kwa siku hiyo moja punguza shilingi 6 kwenye bei ya kufunga ya jana kabla ya kukokotoa. Jana inakuwa 164, na siku inasomeka ilivyokuwa: soko limefunga katikati kabisa, kwa hesabu ya Twiggs ni sifuri.

Angalia pia bei ya kufunga unayoinakili ni ipi. Kama chanzo chako kinakupa wastani wa bei za siku kwa uzito wa hisa, badala ya bei ya biashara ya mwisho, basi kwa asili yake itakuwa mbali na ncha, na hesabu yoyote ya Chaikin itaonekana imenyauka karibu na sifuri. Force Index haiathiriki sana na hilo. Ukiona wiki kadhaa zimepita na kiashiria hakijatoka nje ya chanya au hasi 0.05, ingawa bei inatembea, shuku hapo kwanza.

Na hisa kama KCB au Equity, ambazo ziko Kampala na Nairobi, usizipime kwa namba za Kampala. Biashara yake kubwa iko Nairobi, na bei huamuliwa huko. Chukua bei na hisa za soko moja kwa safu zote, usichukue bei ya Nairobi na hisa za Kampala.

Kwa hisa zako za simu, weka kiashiria kilichounganishwa kwenye mchoro, lakini Force Index ghafi na CMF ya siku ziache kwenye safu za pembeni. Mstari mmoja ulainishwe utakavyo, hauwezi kukuonyesha tena kwamba chanya 0.11 ya Jumanne ilitoka kwenye mvutano mkali. Siku tulivu iliyofunga juu kidogo ya katikati ingetoa namba hiyohiyo. Safu mbili zikiachana kama ulivyoona, bei ikiwa imeruka juu na kufunga karibu na chini, mimi siku hiyo sinunui kwa bei ya soko. Namwachia dalali oda yenye kikomo, chini ya bei ya chini ya siku hiyo, ambayo kwa mfano wetu ni chini ya 167, na kuisubiri siku mbili tatu. Wauzaji waliotokea 172 wakiwa bado wana hisa, watashuka kuifuata. Wakiwa wamemaliza, bei itapita 172, safu zote mbili zitakuwa upande mmoja, na hapo ninaweza kununua nikijua nalipa ghali kwa sababu gani.